Pikseli haina ukubwa

Ukikaa nusu saa kwenye duka la kuchapa mabango utalisikia neno pikseli likitumika kwa maana mbili zinazopigana. Mteja anatoa simu, anaonyesha nembo ya kikundi chao aliyotumiwa WhatsApp, na fundi anamwambia, "Kaka, hii haina pikseli." Kisha fundi anaikuza kwenye kompyuta, vinatokea vijumba vijumba, na yeye yuleyule anasema, "Si unaona? Imejaa pikseli." Sasa ipi? Haina au imejaa? Mteja hajali, yeye anataka bango kesho asubuhi: "Basi iongezee pikseli, bosi, si una kompyuta hapo?"

Maana yake kwanza, tena kwa haraka, maana si hapo penye ugomvi. Picha ya kidijitali ni jedwali la namba, lenye safu za kulala na safu za kusimama. Kila kisanduku cha jedwali hilo ni pikseli moja. Kwenye picha isiyo na rangi, kisanduku kina namba moja inayosema mahali hapo pana mwanga kiasi gani: kwa kawaida 0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa, na zilizo katikati ni kijivu, kuanzia kizito hadi chepesi. Kwenye picha ya rangi kila kisanduku kina namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Picha yenyewe imeishia hapo. Sura ya bibi harusi unayoiona ni kazi ya macho yako. Kwenye faili kuna namba tu.

Asiyeamini aandike picha kwa mkono. Fungua Notepad, andika hivi:

```
P2
5 6
255
255 255 255 255 255
255   0   0   0 255
255 255   0 255 255
255 255   0 255 255
255 255   0 255 255
255 255 255 255 255
```

Mstari wa kwanza unaiambia programu kwamba hii ni picha ya kijivu iliyoandikwa kwa namba za kawaida. Wa pili unasema ina upana wa pikseli 5 na kimo cha 6. Wa tatu unasema nyeupe kabisa ni 255. Baada ya hapo ni picha. Hifadhi kwa jina `herufi.pgm` (Notepad ina tabia ya kubandika `.txt` mwishoni bila kuulizwa, kwa hiyo chagua "All files" kabla ya kuhifadhi), kisha ifungue kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Mwanzoni utaona doa dogo tu katikati ya skrini. Kuza, na herufi T itatokea. Rudi Notepad, badilisha 0 mojawapo iwe 128, hifadhi, fungua tena: kisanduku kimoja kimekuwa kijivu. Umehariri picha bila kugusa brashi.

Faili ya JPG ya simu yako ukiifungua Notepad utaona takataka, wala si namba zilizopangwa vizuri hivi. Ni kwa sababu JPG huzibana namba kihesabu ili zichukue nafasi ndogo, tena nyingine inazibadilisha kidogo. Lakini kabla picha haijaonekana kwenye skrini lazima ifumuliwe irudi kuwa jedwali la namba.

Kisa kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko vyote ni cha mwaka 1965. Chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na sayari ya Mars mwezi Julai mwaka huo na kupiga picha za kwanza kabisa za sayari hiyo kutoka karibu. Kila picha ilikuwa ya namba 200 kwa 200, yaani namba 40,000, na kila namba ilikuwa kati ya 0 na 63. Namba hizo zilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku ndani ya chombo, kisha zikatumwa duniani kwa redio, polepole kuliko unavyodhani: namba moja ilichukua karibu robo tatu ya sekunde. Zidisha mara 40,000, unapata muda wa saa nane kwa picha moja. Ukubwa huo ni ule wa picha ndogo ya wasifu kwenye simu, ile ya duara.

Wahandisi wa maabara ya JPL kule California walikuwa na wasiwasi kwamba huenda kinasa utepe kimeharibika, na hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta itengeneze picha rasmi. Wakazichapa namba kwenye tepe za karatasi jinsi zilivyokuwa zikiingia, wakazipanga tepe hizo ukutani moja kando ya nyingine, wakanunua chaki za rangi za wachoraji, wakaanza kupaka kwa mkono: namba za kiwango hiki kahawia, za kiwango kile njano, na kadhalika. Ikatokea ukingo wa sayari, na giza la anga juu yake. Watu wazima wamesimama ukutani wakipaka rangi kwa kufuata namba, na hiyo ndiyo picha ya kwanza ya Mars ya kidijitali kuonekana. Baadaye iliwekwa fremu, akapewa mkurugenzi wa maabara, William Pickering. Neno pikseli nalo lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, katika maandishi ya Fred Billingsley wa maabara hiyohiyo.

Sasa ukitazama ukuta ule, pikseli moja ina ukubwa gani? Pale ukutani ilikuwa na ukubwa wa namba iliyochapwa kwenye karatasi, na picha nzima ilijaza ubao. Namba zilezile zikichapwa gazetini zingetoshea kiganjani. Kwenye utepe wa sumaku hazikuwa na upana wala kimo. Hapa ndipo penye ugomvi wangu na watu wa mabango: pikseli haina ukubwa. Haina milimita. Inapewa ukubwa siku ile unapoamua kuionyesha mahali fulani, na anayeamua ni wewe au mashine, faili haihusiki.

Turudi kwa mteja wetu. Tuseme nembo yake ni ya 200 kwa 200, sawasawa na picha ya Mariner, na anataka ijaze bango lenye upana wa mita mbili. Sentimita 200 zigawe kwa pikseli 200: kila pikseli inapata sentimita nzima. Kila namba italazimika kupaka rangi moja kwenye eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole. Bila shaka vijumba vitaonekana. Picha haijaharibika, wala haijapungukiwa na kitu ilichokuwa nacho jana. Jana ilikuwa kwenye simu, ambako namba zilezile 200 zilibanana kwenye sentimita moja na ushei. Kwa hiyo fundi anaposema "haina pikseli" alitaka kusema ni chache kwa bango hili, na anaposema "imejaa pikseli" alitaka kusema ni chache vilevile, kiasi kwamba unaziona moja moja. Ni tatizo moja.

Na hili la kuongezea? Linawezekana, GIMP wanaliita "Scale Image", ila angalia linachofanya. Chukua mstari wa tatu wa herufi yetu: 255 255 0 255 255. Tunataka namba kumi badala ya tano. Njia ya kwanza ni kuirudia kila namba mara mbili. Njia ya pili ni kukadiria namba za kati kwa kuchanganya majirani:

```
255 255 255 255   0   0 255 255 255 255
255 255 255 191  64  64 191 255 255 255
```

Mstari wa juu umekuwa na pikseli mara mbili, lakini hausemi chochote ambacho ule wa mwanzo haukusema. Umetanuka tu, ndiyo maana vijumba hubaki. Mstari wa chini unaonekana laini zaidi, ila angalia ile 0 iko wapi. Haipo tena. Nyeusi imekuwa kijivu cha 64, na imevuja pande zote mbili. Ukungu unaouona kwenye mabango yaliyokuzwa kwa nguvu ni namba hizi za kukisia. Ziko programu zinazokisia kwa ustadi zaidi, na kwenye nembo yenye mistari iliyonyooka zinaweza kuridhisha, lakini sura ya mtu ikikuzwa hivyo, kope utakazoziona zimebuniwa. Kamera haikuziona.

Namba halisi zinaongezeka pale mwanga unapopimwa tu, yaani unapopiga picha au kuskani. Kwa hiyo dawa ya mteja ni kurudi kwa aliyechora nembo na kuomba faili la asili. Na akitumiwa kwa WhatsApp, litumwe kama waraka, siyo kama picha, maana likitumwa kama picha WhatsApp hulipunguza namba njiani.

La mwisho ni lile la "300 DPI", ambalo siku hizi limeingia hadi kwenye matangazo ya kuomba picha za pasipoti na makala za majarida. Mtu anaandikiwa "tuma picha ya 300 DPI", anafungua programu, anakuta kisanduku kimeandikwa 72, anafuta, anaandika 300, anatuma, na moyo wake umetulia. Hajabadilisha hata namba moja ya picha. Hiyo 300 ni maagizo kwa mashine ya kuchapa kwamba ipange pikseli 300 katika kila inchi ya karatasi. Picha yenye upana wa pikseli 600 ukiiandikia 300 itachapwa inchi 2. Ukiiandikia 100 itachapwa inchi 6. Ni pikseli zilezile 600, zimebanwa au zimeachiana nafasi.

Kwa hiyo ombi la "picha ya 300 DPI" ni ombi nusu. Ukilipokea, jibu kwa adabu: inchi ngapi kwa ngapi? Akisema inchi 4 kwa 6, zidisha mwenyewe, anahitaji pikseli 1200 kwa 1800, na hapo angalia kama faili lako linazo.