Ufunguzi wa hakathoni si wa kuwasha moto

Juzi tena, hapa Kampala, mratibu mmoja ananiomba nifungue hakathoni na "kuwatia moto vijana". Moto gani zaidi? Hao watu wamefika Ijumaa jioni na kompyuta zao, wameshagombania soketi za umeme, na wengine wana jina la timu kabla hawajasikia mada. Moto upo. Wasichonacho ni majibu ya maswali matatu: tunatatua nini, nani wa kumuuliza, na mwisho ni lini.

Mada naisema kwa sentensi mbili. "Kilimo" si mada. "Nyanya zinazoozea njiani kabla ya kufika Soko la Nakasero" ndiyo mada, maana mtu anajua mara moja kipi kiko nje.

Washauri siwasomei wasifu. Namsimamisha kila mmoja: huyu ni wa hifadhidata, anakaa meza ya dirishani, Jumamosi jioni anaondoka. Majaji nawaonyesha upande mwingine, na nasema wazi kwamba mshauri hatoi alama. Msiposema hivyo, timu zitamficha mshauri matatizo yao, kama mgonjwa anayemdanganya daktari.

Jedwali la alama pia nalionyesha palepale, ingawa sina hakika kama ni busara. Likisema 20 kati ya 100 ni za uwasilishaji, kuna timu itakayopaka rangi slaidi Jumamosi nzima. Lakini kulificha naona ni kubaya zaidi.

Sasa ratiba, hapa ndipo ninapochoka. Mwaka mmoja slaidi ilisema kazi inafungwa 12:00. Mshereheshaji, kwa kujiamini kabisa, akasoma "saa kumi na mbili". Kwa Kiswahili hiyo ni 18:00, na Waganda nao huhesabu saa kuanzia asubuhi vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jumapili mchana timu tatu zilikuwa bado zinaandika programu huku majaji wameshaketi. Tukagombana hadi jioni, na kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo slaidi inaandika 12:00, mdomo unasema "saa sita mchana, Jumapili", kisha namwita mshiriki mmoja anirudishie kwa maneno yake. Halafu naeleza maana ya kufungwa: saa sita kamili sisi wenyewe tunachukua nakala ya kila timu kwa `git clone`. Hatuangalii tarehe iliyoandikwa ndani ya Git, kwa kuwa inatoka kwenye saa ya kompyuta ya mshiriki, na saa hurudishwa nyuma.

Hesabu ya mchana nayo naisema: timu 12, dakika 5 za kuonyesha, 3 za maswali, 2 za kubadilishana waya. Saa mbili nzima. Mgeni rasmi akiongeza hotuba ya nusu saa, namuuliza mratibu tukate timu zipi tatu.