Mchoro umepata sita kwa sita, maelezo yamepata nne

Jumamosi iliyopita nilikuwa na rundo la insha za Uchumi za Kidato cha Sita. Swali nililotunga lilikuwa la hapa hapa Mwanza: kwa nini bei ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hupanda wakati wa mbalamwezi? Elezea kwa mchoro. Alama 20: sita za mchoro, kumi na nne za maelezo.

Insha ya nne ilinisimamisha. Mchoro safi, umepigwa kwa rula. Bei mhimili wima, kiasi mhimili mlalo, mkunjo wa ugavi, yaani mstari wa kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuleta kwa kila bei, umehama kushoto, mkunjo wa mahitaji, ule wa wanunuzi, umetulia palepale, P1 imepanda kuwa P2, Q1 imerudi kuwa Q2. Mishale ipo, majina yapo. Sita kwa sita, sina ubishi. Chini yake binti ameandika, nafupisha: wakati wa mbalamwezi ugavi wa dagaa hupungua, mkunjo wa ugavi unahama kushoto, kwa hiyo bei inapanda kutoka P1 hadi P2 na kiasi kinapungua kutoka Q1 hadi Q2. Basi, akahamia swali lingine.

Hakuna kosa hata moja hapo, na ndiyo maana insha ya aina hii husumbua. Msahihishaji aliyechoka huona maneno yote aliyoyategemea, anapiga vema, anatoa kumi na sita. Mimi huchukua karatasi nyeupe, nikaufunika mchoro, nikasoma maneno peke yake. Nikikuta maneno yanausomea tu mchoro kwa sauti, hayajaongeza kitu, na siwezi kulipia kitu kimoja mara mbili. Halafu namuuliza mwandishi kimoyomoyo: bei imepandishwa na nani? Mkunjo haupandishi bei. Mkunjo ni wino.

Katika mwongozo wangu zile alama kumi na nne zimegawanyika hivi: nne za sababu ya ugavi kupungua, nne za kinachotokea kwenye bei ya zamani, nne za jinsi bei inavyoliziba pengo, mbili za mahali soko linapotulia. Yule binti alipata mbili kwenye sababu na mbili za mwisho. Katikati, penye injini yenyewe, patupu.

Kwenye sababu alipoteza mbili kwa kuwa "mbalamwezi" peke yake haijaeleza kitu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa hivi nyingi ni za sola. Giza likiwa totoro, taa huwakusanya dagaa mahali pamoja. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, na mtumbwi unaweza kukesha ukarudi na mzigo usiolipa hata gharama za safari. Wengi wanapumzika. Kwa hiyo kwa bei yoyote ile, dagaa wanaofika sokoni ni wachache kuliko wiki ya giza. Hilo "kwa bei yoyote ile" ndilo linalohalalisha kuhamisha mkunjo mzima badala ya kutembea juu yake, kama inavyokuwa bei peke yake ikibadilika. Mafuta ya injini yangepanda bei, mkunjo ungehama kushoto vilevile na mchoro ungefanana. Kinachotofautisha visa hivyo viwili ni maneno tu.

Sasa lile pengo. Darasani huwapa tarakimu za kubuni ili tulione. Wiki ya giza, sado moja ni shilingi 8,000. Wanunuzi wanataka sado 600 kwa siku na wauzaji wanaleta 600. Mwezi unapevuka. Asubuhi ya kwanza bei bado ni 8,000, kwa sababu hakuna kengele iliyolia. Wanunuzi wanataka 600 zilezile, lakini zimekuja 300. Kufika saa tatu mzigo umekata na watu bado wanaulizia. Upungufu ni sado 300, na huo upungufu ndio unaosukuma bei: mnunuzi anayeogopa kurudi mikono mitupu anaongeza dau, muuzaji anaona mzigo umeisha mapema, kesho yake anapandisha.

Kwa 9,000, baadhi ya wanunuzi wanajitoa na kutafuta kitoweo kingine, wanabaki wanaotaka 525. Upande wa pili, aliyekuwa na magunia stoo anayafungua, na mitumbwi michache inaona safari inalipa, zinakuja 375. Pengo limebaki 150, kwa hiyo bado bei inasukumwa. Kwa 10,000 wanaotaka ni 450 na zilizopo ni 450. Hakuna tena wa kuongeza dau. Bei inasimama, na inasimama kwa sababu pengo limezibwa kutoka pande zote mbili. Mchoro hauonyeshi safari hiyo. Unaonyesha mwanzo na mwisho tu, kama picha mbili za mtu, moja yuko Nyegezi na nyingine yuko Kirumba.

Kuna insha nyingine katika rundo lilelile ambayo ni ndefu mara tatu, na bado nikaipa alama chache zaidi. Huyu alijaribu kueleza, akaandika: bei ikipanda mahitaji yanapungua, na mahitaji yakipungua bei inashuka tena. Kosa hili nalikamata kwa kuchora upya kile ambacho maneno yanasema, bila kutazama alichochora yeye. Nikichora sentensi hiyo, napata mkunjo wa mahitaji umehama kushoto. Kwenye karatasi yake haujahama. Yaani mkono umechora kitu kimoja na kalamu imesema kingine. Kilichopungua ni kiasi kinachohitajika, tumepanda juu ya mkunjo uleule. Mahitaji yenyewe hayajaguswa.

Jumatatu nilimwita yule binti wa kwanza ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, bei ya dagaa inapandishwa na nani?"

Akacheka kidogo. "Mwalimu, si wanunuzi wenyewe? Shangazi yangu anauza pale Mwaloni. Mwezi ukitoka, mzigo unakuja kidogo, watu wanagombania. Wa kwanza anasema nipe yote, wa pili anasema mimi naongeza buku. Kesho shangazi anaanzia bei hiyo hiyo ya juu."

Alikuwa anajua vizuri kuliko nusu ya darasa. Kilichomkwamisha ni kuyasema hayo kwa Kiingereza, lugha ya mtihani; akaona salama akariri sentensi ya kwenye notsi. Nilimsikitikia, lakini alama sikuongeza: nasahihisha karatasi, na karatasi haikuwa na shangazi. Pembeni niliandika, "Kwa bei ya P1, nani anakosa dagaa, na anafanya nini?" nikamwambia arudie maelezo tu, mchoro auache.

Alileta siku iliyofuata, Kiingereza chake cha kukwaruza lakini pengo lipo, wanaogombania wapo, wanaojitoa wapo. Maelezo yamepata kumi na mbili. Mbili zilizobaki ni za upande wa wauzaji, kwamba bei ikipanda wenye stoo wanatoa mzigo. Nikamuuliza mbona ameuacha.

"Kwa sababu hawatoi, mwalimu. Shangazi akijua mwezi ndiyo kwanza umeanza kupevuka, anafunga stoo. Anangoja ipande zaidi."

Yuko sahihi. Muuzaji anayetarajia bei ya kesho iwe juu anapunguza anachouza leo, na hilo linausogeza mkunjo wa ugavi kushoto zaidi. Mfano wangu wa stoo ulikuwa umeliruka hilo. Nimeongeza mstari kwenye mwongozo: atakayeeleza kufunga stoo kwa kungoja bei, apewe zile mbili, ila mchoro wake uwe na mkunjo wa tatu wa ugavi.