Chanzo cha oda na mlango iliyoingilia

Kikasha kimoja cha oda ni mfumo unaopokea maagizo yote ya biashara, yawe yametoka kwenye mitandao ya kijamii, kwenye tovuti au kwa mteja aliyeingia dukani kwa miguu yake, na kuyapanga katika orodha moja yenye mfululizo mmoja wa namba, hesabu moja ya bidhaa zilizopo, na hatua zilezile kwa kila oda: mpya, imelipwa, imefungashwa, imekabidhiwa. Ufuatiliaji wa chanzo ni ile alama inayobaki kwenye kila oda kuonyesha ilikotoka, ili kuchanganywa huko kusifute asili yake. Fasili ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu uko kwenye neno moja, "ilikotoka", ambalo wengi hulisoma kana kwamba linamaanisha "ilikoingilia".

Niseme kwa kifupi kwamba kukusanya jumbe za Instagram, Facebook na WhatsApp kwenye skrini moja bado si kuwa na kikasha cha oda. Hapo pana mazungumzo tu. Ujumbe wa "hii bado ipo?" unageuka kuwa oda pale unapopata bidhaa iliyotajwa, idadi, mteja anayetambulika na namna ya kulipa au kukabidhiwa. Mfumo usiotenganisha mambo hayo mawili hujaza orodha maswali yasiyo na oda ndani yake, na mfungashaji hawezi kujua kipi ni kazi na kipi ni soga.

Ninalotaka kukaa nalo ni lile la chanzo. Mara nyingi mtu hufungua ripoti ya mwezi, akaona safu iliyoandikwa "chanzo" yenye majina matatu, yaani mitandao, tovuti na duka, kisha akatangaza kwamba wateja wake wengi wanatoka dukani na kwa hiyo kazi ya kuweka picha mitandaoni haina faida. Ripoti haikusema hivyo. Ilichosema ni kwamba oda nyingi ziliandikwa kwenye kaunta. Kaunta ni mlango. Aliyepita mlangoni tunamwona, lakini mlango hautuambii nani alimwelekeza afike hapo.

Kila oda ina maswali matatu yanayofanana kwa sura lakini yenye majibu tofauti. La kwanza ni mteja alisikia habari zetu wapi. La pili ni oda ilifunguliwa wapi, maana yake ni wapi bidhaa na idadi viliandikwa kwa mara ya kwanza. La tatu ni ilikamilishwa wapi, yaani malipo au makabidhiano yalifanyika wapi. Jibu la kwanza ndilo chanzo; la pili na la tatu ni milango. Zikiwekwa safu tatu kwenye jedwali la oda, mabishano mengi hukoma. Ikiwekwa safu moja, mhudumu atajaza jibu lililo karibu naye, nalo karibu siku zote ni mahali alipokaa yeye.

Tuchukue oda moja ya mkoba. Jumatatu mteja anauona mkoba huo kwenye picha ya Instagram na kuandika ujumbe kuulizia rangi. Anajibiwa na kutumiwa kiungo cha ukurasa wa bidhaa. Jumanne anafungua kiungo, anauweka mkoba kwenye kapu, anaandika namba yake ya simu, lakini halipi. Alhamisi anaingia dukani, anaushika, anaridhika na kulipa. Katika kikasha kisichounganisha vizuri, kutakuwa na vitu vitatu: mazungumzo yaliyoishia hewani, oda ya tovuti isiyolipwa ambayo pengine inashikilia mkoba mmoja kwenye hesabu ya bidhaa, na mauzo mapya ya dukani yaliyopunguza mkoba wa pili. Mkoba mmoja umetoka, mfumo unahesabu miwili, na ripoti inasema duka limeuza, tovuti imeshindwa na Instagram haikufanya lolote. Katika kikasha kilichopangwa vema kuna oda moja tu: chanzo Instagram, imefunguliwa kwenye tovuti, imekamilishwa dukani.

Ili hilo litokee, mhudumu wa kaunta hana budi kuitafuta oda iliyo wazi kabla ya kuandika mpya, na kinachomwezesha ni namba ya simu. Namba hiyo ihifadhiwe kwa umbo moja kila mahali, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, bila nafasi wala sifuri ya mwanzo ya kupigia ndani ya nchi. Ikiwa tovuti inaihifadhi kwa umbo moja na kaunta kwa jingine, mfumo utaona watu wawili. Kwa upande wa Instagram, ujumbe huja na jina la akaunti wala si namba ya simu, kwa hiyo mazungumzo hayatajiunga yenyewe na oda ya tovuti mpaka mtu aombe namba na kuiandika kwenye kumbukumbu ya mteja. Oda mbili zikiunganishwa, chanzo kinachobaki ni cha ile ya mapema, na mlango wa mwisho huandikwa pembeni yake bila kukifuta. Programu nyingine hufanya kinyume, zikaandika juu ya alama ya zamani kila oda inapoguswa upya; hilo linafaa kujaribiwa kwa oda ya majaribio kabla ya kuziamini ripoti zake.

Chanzo chenyewe hunaswa kwa namna tofauti kila mahali. Kwenye tovuti, hubebwa na kiungo:

```
https://example.com/mkoba?utm_source=instagram&utm_medium=wasifu
```

Alama hizo zinazofuata kiulizo zipo kwenye ukurasa wa kwanza tu ambao mteja ameufikia. Akibofya kwenda ukurasa mwingine hupotea, isipokuwa tovuti imezihifadhi kwenye kivinjari chake na kuziandika kwenye oda anapokamilisha. Ziandikwe kwa herufi ndogo daima, kwa sababu zana nyingi za takwimu huhesabu `Instagram` na `instagram` kuwa vyanzo viwili. Zisiwekwe kamwe kwenye viungo vya ndani ya tovuti, kama tangazo la ukurasa wa mwanzo, kwani mteja aliyeletwa na mtandao akilibofya tu anaandikwa upya kuwa ameletwa na tovuti yenyewe, na alama yake ya awali huenda ikafunikwa.

Kwenye WhatsApp, kiungo kinaweza kuja na maneno ya kuanzia yenye msimbo, kwa mfano:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Naulizia%20mkoba%20IG7
```

Namba huandikwa na msimbo wa nchi bila alama ya kujumlisha. Mteja anaweza kuufuta msimbo kabla ya kutuma, na baadhi yao hufanya hivyo, lakini anayeuacha ametujibu bila kuulizwa. Dukani hakuna kiungo. Hapo kuna swali la mdomo tu, nalo liulizwe kabla ya malipo, kwa maneno yasiyomwelekeza mteja kwenye jibu: "Habari zetu ulizipata wapi?" Orodha ya majibu kwenye skrini ianze ikiwa tupu na iwe na jibu la "haijulikani". Orodha inayoanza na "duka" likiwa tayari limechaguliwa itarudisha "duka" kila foleni inapokuwa ndefu, na hakuna atakayegundua kwa sababu jibu hilo linaonekana la kweli.

Kuna makosa mawili ya kusoma ambayo nayakuta hata kwa watu makini. Moja ni lile kundi la "moja kwa moja" kwenye takwimu za tovuti. Jina hilo humfanya msomaji adhani kwamba mteja aliikumbuka anwani na kuiandika mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo, lakini kundi hilo pia linameza wote ambao kivinjari hakikueleza wametoka wapi, wakiwemo wengi waliobofya kiungo kisicho na alama ndani ya programu ya ujumbe. Kwa hiyo "moja kwa moja" isomwe kama "hatujui", na likikua ghafla, jambo la kwanza la kukagua ni kama kuna viungo vilivyosambazwa bila alama.

Kosa la pili linatoka kwetu wenyewe. Mhudumu anayepokea oda kwa simu au kwa ujumbe, kwa kuwa fomu ya tovuti ndiyo rahisi, huingia kwenye tovuti na kuijaza kwa niaba ya mteja. Oda hiyo hugongwa muhuri wa "tovuti", na mwisho wa mwezi tovuti inasifiwa kwa kazi ya mtu mwenye simu mkononi. Dalili zake haziwi siri: oda nyingi za "tovuti" zinatoka kwenye kifaa kilekile, ndani ya saa za kazi tu, barua pepe ni ya biashara yenyewe, na hakuna kumbukumbu ya kurasa zilizotazamwa kabla ya kulipa. Dawa yake ni kuwapa wahudumu fomu yao ndani ya kikasha, iwe fupi kuliko ile ya wateja, na yenye safu ya chanzo iliyo tupu. Kuwaonya bila kuwapa fomu hakusaidii, maana watarudi kwenye iliyo rahisi.

Hata baada ya hayo yote, chanzo hubaki kuwa makadirio. Aliyeona picha kwenye simu yake, kisha siku nyingine akafungua tovuti kwa kompyuta ya ofisini, hana kamba inayounganisha vifaa hivyo viwili mpaka aandike namba yake. Aliyeambiwa na rafiki aliyeona picha atajibu "rafiki", na atakuwa amesema kweli. Safu yenye "haijulikani" kwenye oda kadhaa inaaminika zaidi kuliko ile iliyojaa kila mstari, kwa kuwa iliyojaa kikamilifu mara nyingi imejazwa na chaguo la kwanza kwenye orodha.

Kwa hiyo mwenye ripoti ya safu moja asisumbuke kuitupa. Abadilishe tu kichwa cha safu hiyo kutoka "chanzo" kuwa "mahali oda ilipoandikwa", maana ndicho ilichokuwa ikipima. Neno "chanzo" liwekwe juu ya safu mpya iliyo tupu, ianze kujazwa na oda inayofuata. Zile za zamani ziachwe bila kukisiwa.