Dhahabu feki isiyoshikwa kwa macho, wala kwa maji

Dhana: Mzoefu akiishika tu, anaijua.

Anaijua feki ya kizembe. Mwaka 2008 Benki Kuu ya Ethiopia ilipeleka matofali ya dhahabu Afrika Kusini, yakarudishwa: yalikuwa chuma kilichopakwa dhahabu. Aibu kubwa, maana chuma hakifikii hata nusu ya uzito wa dhahabu ya ukubwa uleule. Mzani na futi vingetosha kuyaumbua.

Feki inayowaliza wazoefu ni ya tungsteni. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya tungsteni gramu 19.25. Mkono hauwezi kuona tofauti hiyo. Mwaka 2012, huko Manhattan, New York, sonara mmoja alitoboa kipande cha aunsi 10 alichokuwa amekinunua, akakuta ndani tungsteni. Ganda lilikuwa dhahabu halali, lenye nembo na namba zake za kweli; walichofanya matapeli ni kukifukua kipande halisi na kukijaza upya. Hapo hata ungekuwa na lenzi ungeangalia nini, wakati kila kinachoonekana ni cha kweli?

Dhana: Sumaku na meno vinatosha.

Shaba haishiki sumaku, risasi haishiki, tungsteni nayo hutaona ikinata. Na risasi ni laini kuliko dhahabu, kwa hiyo alama ya jino haithibitishi kitu. Tuendelee.

Dhana: Kipimo cha maji hakidanganyiki.

Hiki nakiheshimu, na ndicho wengi wanachokitegemea. Unapima kipande kikavu, kisha unakining'iniza kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo, unasoma uzito uliopungua. Kipande cha gramu 100 cha dhahabu safi hupungua gramu 5.18. Shaba nyeupe ya gramu 100 hupungua karibu gramu 12, ikaumbuka papo hapo.

Sasa weka feki ambayo nusu ya uzito wake ni dhahabu na nusu ni tungsteni. Itapungua gramu 5.19. Unabishania gramu 0.01, na kiputo kidogo cha hewa kilichonata kwenye kipande kinaweza kuleta tofauti hiyo. Kipimo hakikukosea, kimejibu swali la ujazo tu, na tapeli alilijua swali kabla ya mtihani.

Dhana: Mashine ya XRF, ile inayopima madini kwa mionzi, inaona mpaka ndani.

Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mashine inatoa namba, na namba inafunga mdomo wa mnunuzi. Mionzi yake inasoma ngozi ya juu ya dhahabu tu, nyembamba kuliko unywele. Ganda la nusu milimita linatosha kabisa kuifanya iandike asilimia 99.9, na itakuwa imesema kweli kuhusu hilo ganda. Kusugua kwenye jiwe na kudondoshea tindikali kuna udhaifu huohuo: unapima unga ulioachwa na ganda.

Basi kinachofika ndani ni nini?

Kwa kipande bapa kisichotakiwa kuharibiwa, ni sauti. Kifaa cha altrasaundi cha kupimia unene wa chuma hutuma mlio na kusikiliza mwangwi ukirudi kutoka upande wa pili. Ndani ya dhahabu sauti husafiri kama mita 3,240 kwa sekunde, ndani ya tungsteni zaidi ya 5,000. Chukua kipande chenye unene wa milimita 5, katikati kina milimita 4 za tungsteni. Kifaa kilichowekwa kwa kasi ya dhahabu kitasoma kama milimita 3.5, kwa kuwa mwangwi umewahi kurudi. Kukiwa na gundi au uwazi kati ya ganda na moyo, mwangwi utarudi mapema zaidi, kwenye nusu milimita. Rula inasema 5, kifaa kinakataa: usilipe.

Sauti haisaidii kwa chenga wala kwa kipande chenye mabonde, na haitakwambia karati. Hapo ni moto. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, tungsteni inahitaji zaidi ya 3,400. Kwenye kalibu dhahabu inakuwa uji, na moyo wa feki unabaki donge gumu linalogongana na kijiti unapokoroga.

Karati kamili inatoka maabara. Sampuli iliyopimwa uzito huongezwa fedha, ikafungwa kwenye risasi na kuchomwa ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Kikombe kinainywa risasi pamoja na uchafu, inabaki punje ya dhahabu na fedha. Tindikali ya naitriki inaila fedha, kinachosalia kinapimwa tena kwenye mzani.

Lakini maabara inajibu kuhusu sampuli uliyoipeleka tu. Ukikwangua kona ya kipande chenye vijiti vya tungsteni katikati, utarudishiwa cheti kizuri cha kona. Ndiyo maana wanunuzi makini huyeyusha kipande chote kwanza, wakakoroga, ndipo wakachukua sampuli, muuzaji akiwa amesimama palepale.