Kufutwa kazi na usaili mpya: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana inayowaponza wengi waliofutwa kazi ni kwamba cheti cha utumishi, kile ambacho mwajiri humpa anayeondoka, kitawaumbua, kwa hiyo wanaingia kwenye usaili na uongo tayari: "Mkataba uliisha." Kwa Kenya, woga huo hauna msingi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja yanayoandikwa humo: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, kazi na mahali ulipoifanyia, tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Sababu ya kuondoka haimo. Kinachoumbua ni simu. Afisa wa ajira akimpigia bosi wako wa zamani na kuuliza, "Aliondokaje?", jibu likipishana na lako, kosa la zamani linasahaulika na unabaki mwongo.

Wengine hudhani kuwa maelezo yakiwa marefu ndiyo yataaminika. Mchukue mtunza stoo aliyefutwa baada ya mzigo kupungua. Akianza, "Msimamizi alikuwa ananitafuta, dereva naye alikuwa na haraka, hata mlinzi alisaini," ameshalaumu watu watatu na bado hajajibu alichoulizwa. Sasa msikilize akisema hivi:

"Niliachishwa kazi mwezi Machi. Nilisaini hati ya kupokea mzigo kabla ya kuhesabu, na katoni 12 zikapungua. Siku hizi nahesabu kwanza, dereva akiwepo, ndipo nasaini."

Kisha anyamaze. Hapo ndipo pagumu, maana anayesaili huwa bado anaandika, na ukimya ule unamvuta mtu aongeze "lakini". Huenda ni kweli mlinzi naye alisaini, ila hilo lingoje swali. Akiulizwa katoni zilienda wapi, ajibu: "Haikujulikana. Barua ilitaja uzembe, haikutaja wizi." Kwa sababu hiyo, barua ya kuachishwa isomwe tena kabla ya usaili. Sababu unayoitoa iwe ile iliyoandikwa pale, kwa maneno yako ya kawaida.

Pia si kweli kwamba kutolaumu ni kukiri kila kitu. Kama unapinga uamuzi wenyewe na kesi iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, usijitwike kosa unalolikana ili uonekane mnyenyekevu. Sema: "Niliachishwa kwa madai ya uzembe. Sikubaliani na uamuzi huo, na suala liko mahakamani." Inatosha, mradi sauti isipande.

Kuhusu wasifu na barua ya maombi, hakuna haja ya kuandika humo kwamba ulifutwa. Tarehe sahihi zinatosha. Lakini fomu ikiwa na nafasi ya "sababu ya kuacha kazi", usiiruke: andika "niliachishwa, nitaeleza kwenye usaili".

Na kuna wanaojiita waliofutwa ilhali walipunguzwa kampuni ilipofunga tawi. Hao waseme tu kwamba tawi lilifungwa.