Betri ya akiba ya laptopu kwenye ndege: hesabu zinazowaponza wasafiri

Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kambi ya utafiti kusini mwa Kigoma alifika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma mjini, kesho yake akiwa na safari ya ndege kwenda Dar es Salaam. Kambini kwao umeme wa gridi haujafika, kwa hiyo anatumia laptopu ya zamani yenye betri ya kuchomoa, na huwa na betri mbili za akiba, zile nene za seli tisa. Akaziweka mezani. "Fundi, naomba nikuachie hizi. Nimepiga hesabu, kila moja inakuja wati-saa 152, na kwenye ndege nimeambiwa mwisho ni 100."

Alizidisha vizuri. Tatizo ni kwamba namba moja kati ya zile mbili alizozidisha hakuitoa kwenye betri.

Dhana: volti za kuzidisha ni zile zilizoandikwa kwenye chaja

Lebo ya betri ilikuwa imelika kwa jasho na vumbi, akaweza kusoma 7800 mAh tu. Volti akazichukua kwenye chaja: 19.5. Ndipo akapata 152.

Chaja ya laptopu hutoa volti nyingi kuliko za betri, halafu saketi iliyo ndani ya laptopu inazishusha hadi kiwango ambacho betri inakipokea. Kwa hiyo volti za chaja hazisemi lolote kuhusu nishati iliyomo kwenye betri. Seli moja ya lithiamu ya aina hii huhesabiwa kuwa na volti 3.6 au 3.7. Tatu zikifuatana zinafika 10.8 au 11.1, na nne zinafika 14.4 au 14.8. Betri nyembamba za siku hizi zinaweza kuandikwa 11.4 au 15.4, bado ni mle mle. Ukijikuta umeshika 19 au 20, ujue umesoma chaja.

Nilichovya pamba kwenye spiriti nikapangusa ile lebo taratibu, na karibu na meno ya shaba yakajitokeza maandishi membamba: 11.1V. Hesabu ikawa hii:

```
Wh = V × mAh ÷ 1000
11.1 × 7800 ÷ 1000 = 86.58
```

Wh ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambacho betri inaweza kubeba, na ndicho kipimo ambacho mashirika ya ndege hukitazama. Betri isiyozidi 100 Wh inapanda bila kuomba kibali. Iliyozidi 100 lakini haijavuka 160 inahitaji ridhaa ya shirika kabla ya safari, na za akiba za ukubwa huo haziruhusiwi kuzidi mbili kwa abiria. Laptopu yenye betri iliyozidi 160 abiria hasafiri nayo. Betri ya kijana wetu, yenye karibu 87, iko salama kwenye kundi la kwanza. Angeiacha kwa kosa la namba moja.

Lebo ikifutika kabisa, kwa laptopu ya Windows kuna njia nyingine. Chomeka hiyo betri ya akiba kwenye laptopu, fungua Command Prompt, kisha andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Faili litakalotokea linaitwa `battery-report.html`. Lifungue utafute `DESIGN CAPACITY`. Ikiandikwa 86,580 mWh, gawanya kwa 1000 upate 86.58 Wh. Chini yake kuna `FULL CHARGE CAPACITY`, ambayo hupungua betri inavyozeeka. Hiyo usiitumie. Kinachohesabiwa ni uwezo iliotengenezwa nao, hata kama leo haimalizi saa moja, na hata ukiipeleka uwanjani ikiwa haina chaji.

Lakini ripoti hiyo mkaguzi haihitaji. Yeye anasoma ganda la betri, na betri zilizotengenezwa kuanzia 2012 zinatakiwa ziwe na Wh kwenye ganda. Ndiyo maana kupangusa lebo nakuona kuna faida kuliko ripoti.

Dhana: ukiwa na mbili, unazijumlisha

Hapana. Mbili za 87 hazigeuki kuwa 174. Kila betri inapimwa peke yake. Shirika lina haki ya kuweka ukomo wa idadi, hivyo mwenye rundo la betri aulize mapema, ila hizo mbili hazina shida.

Dhana: betri ya akiba ni salama zaidi ikiwekwa kwenye begi kubwa

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu anayeifanya anadhani anajali. Betri ya akiba haiingii kamwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Seli moja ikipata shoti hupanda joto, ikaiwasha ya jirani, na hiyo ikaiwasha inayofuata. Gesi ya kuzimia moto iliyo kwenye tumbo la ndege inapunguza miali, lakini haipoozi seli, na hakuna mhudumu anayeweza kufika kule angani. Moto ukianzia kwenye begi la mkononi, wahudumu wanauona na wanaumwagia maji ya kupoza.

Kwetu kuna jambo la ziada. Ndege za pangaboi zina makabati madogo juu ya viti, kwa hiyo mara nyingine begi lako la mkononi linachukuliwa mlangoni pa ndege, pale ngazini, likawekwe chini. Hapo hapo limekuwa mzigo wa chini. Toa betri za akiba na pawabenki, panda nazo. Ndiyo maana nilimwambia kijana aziweke kwenye mfuko mdogo juu kabisa ya begi, asije akaanza kupekua nguo watu wakimsubiri. Meno ya shaba tunayafunika kwa selotepu, na kila betri inakaa kwenye mfuko wake wa plastiki, isikutane na funguo wala sarafu.

Dhana: kikiandikwa kwenye lebo ni kweli

Betri za bei nafuu zina lebo za ajabu. Niliwahi kuletewa ya seli sita imeandikwa 11.1V, 10000 mAh. Seli sita kwa 11.1V ni safu mbili za seli tatu tatu, kwa hiyo kila seli ingepaswa kuwa na 5000 mAh. Seli za mviringo za ukubwa ule zinaishia karibu 3500. Kwa lebo hiyo betri ni 111 Wh, imeshavuka 100 na inahitaji kibali, wakati ukweli wake hauwezi kufika hata 80. Mkaguzi hataifungua ahesabu seli, atafuata lebo. Zidisha kabla ya kununua, na Wh iliyoandikwa ilingane na volti na mAh zilizo pembeni yake.

Nilipozigeuza zile mbili za kijana, moja nilikuta ganda limepasuka pembeni na seli moja ina bonde la ukubwa wa kucha. Akakumbuka ilidondoka kwenye mawe wakati wa kushuka botini. Betri iliyoumia hairuhusiwi kwenye ndege, iwe na Wh 87 au 20, juu wala chini. Aliomba tuizungushie selotepu ili isionekane. Nikakataa, nikamweleza bonde lile linaweza kuwa limegusanisha tabaka za ndani. Alipanda ndege asubuhi na ile nzima, na hii ikabaki kwangu nje ya banda, ndani ya ndoo ya mchanga.