Theluthi ya Chini Si Yako: Sura na Maandishi Katika Video ya Wima

Unapohariri video ya wima kwenye kompyuta, unaiona ikiwa safi: pikseli 1080 kwa upana, 1920 kwa urefu, na hakuna kinachoifunika. Mtazamaji wako hataiona hivyo hata siku moja. Akiifungua Reels, TikTok au Shorts, juu ya picha yako kuna vitufe vya programu. Upande wa kulia, kuanzia katikati kwenda chini, kuna moyo, maoni na mshale wa kusambaza. Chini kabisa kuna jina la akaunti, maelezo ya posti na jina la wimbo. Ukiwa umeweka jina la msemaji hapo chini, kama tulivyozoea kwenye televisheni, ujue limezikwa.

Vipimo ninavyovifuata ni vya mwongozo wa Meta kwa matangazo ya Reels: acha wazi takriban asilimia 14 juu, asilimia 35 chini, na asilimia 6 kila upande. Kwa pikseli, ni kama 270 juu na 670 chini. Kinachobaki salama kwa urefu ni kuanzia 270 hadi 1250, yaani pikseli 980, zaidi kidogo ya nusu ya picha. Wengine huona asilimia 35 ni nyingi mno kwa posti ya kawaida, na ni kweli kwamba posti isiyo tangazo haifunikwi kiasi hicho. Ila mteja akiipenda video atailipia iwe tangazo, na hapo ndipo kitufe kingine kinapoongezeka chini. Mimi huikata hesabu kwa hali mbaya tangu mwanzo.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye kamera. Simu nyingi zina mistari ya kugawa picha katika mafungu matatu. Iwashe kwenye mipangilio ya kamera. Kwenye picha ya wima, mstari wa juu uko pikseli ya 640 na wa chini uko 1280. Mstari huo wa chini umekaribiana sana na mpaka wetu wa 1250, kwa hiyo mpiga picha hahitaji kukumbuka namba yoyote: macho ya msemaji yawe karibu na mstari wa juu, na kila kilicho muhimu kiishie juu ya mstari wa chini. Theluthi ya chini iachie shati, meza au sakafu.

Sura watu huzoea upesi. Kinachosahaulika ni mikono. Chukua mfano wa mzee anayeshona kofia za viua, ameketi, kofia iko mapajani, anaeleza huku akishona. Ukimpiga picha kwa kawaida, uso wake utakaa vizuri, lakini sindano itakuwa karibu na pikseli 1450, chini ya maelezo ya posti. Watu wamekuja kuona ushonaji, na ndicho kitu pekee wasichokiona. Dawa ni kumwekea mto mapajani ili kazi ipande usawa wa kifua, au kuinamisha kamera kidogo ili kila kitu kipande ndani ya picha, mradi paji la uso lisivuke ile 270 ya juu. Vyote viwili visipoenea, piga picha mbili tofauti, moja ya uso na moja ya mikono, uziunganishe baadaye.

Usitegemee kuirekebisha wakati wa kuhariri. Wengi hudhani watakuza picha kwa asilimia 20 kisha waisukume juu. Fuatilia hesabu yake. Picha iliyokuzwa hivyo ina urefu wa 2304, kwa hiyo unaweza kuisukuma juu kwa pikseli 384 kabla ukingo wake wa chini haujafichuka. Sindano iliyokuwa 1450 inakwenda 1740, ukitoa 384 inabaki 1356. Umeipandisha pikseli 94 tu, na bado iko eneo la hatari. Utosi wa mzee uliokuwa 400 umefika 96, chini ya vitufe vya juu. Kadiri kitu kilivyo karibu na ukingo wa chini ndivyo kinavyopanda kidogo, na kichwa ndicho kinacholipa gharama.

Tuje kwenye manukuu. Ikoni za kulia zinakula upana upande mmoja tu, na hapo ndipo wahariri wanapotegwa. Programu ya kuhariri inaweka maandishi katikati ya picha, kwenye pikseli 540, kwa hiyo mstari mrefu unaingia chini ya moyo kulia huku kushoto pakiwa na nafasi tele. Naacha pikseli 160 pande zote mbili, na maandishi yanapata safu ya 760 iliyo katikati kweli. Safu hiyo ina faida nyingine. Simu za siku hizi ni ndefu kuliko uwiano wa 9:16. Kwenye kioo cha 1080 kwa 2400, programu ikiamua kujaza kioo kizima, itaikuza video na kukata pikseli 108 za asili kila upande. Ukiwa umeacha 160, hata herufi moja haikatwi.

Kwa herufi za ukubwa wa 60, safu ya 760 inabeba kama herufi 25 kwa mstari, na Kiswahili chetu kina vitenzi virefu. «Kofia hii inashonwa kwa mkono» haiingii mstari mmoja. Ivunje kabla ya «kwa»: juu «Kofia hii inashonwa», chini «kwa mkono». Usiache «ya», «wa» au «kwa» ikining'inia mwisho wa mstari, wala usimkate mtu kitenzi katikati. Mistari miwili ikae kati ya 1080 na 1230, na kidevu kiwe juu yake. Jina la fundi liweke juu, chini kidogo tu ya 270. Likiwa hapo litasalimika pia kwenye ukurasa wa wasifu wa Instagram, ambao tangu 2025 unaonyesha jalada kwa uwiano wa 3:4, yaani unakata pikseli 240 juu na 240 chini.

Kabla ya kukabidhi kazi, natumia programu ya ffmpeg kutoa nakala ya majaribio yenye maeneo ya hatari yaliyopakwa rangi:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vf "drawbox=x=0:y=0:w=iw:h=270:color=red@0.4:t=fill,drawbox=x=0:y=1250:w=iw:h=670:color=red@0.4:t=fill,drawbox=x=920:y=900:w=160:h=350:color=red@0.4:t=fill" -an jaribio.mp4
```

Kisanduku cha tatu ni safu ya ikoni inapoingia juu ya mpaka wa chini. Itazame mwanzo hadi mwisho bila sauti. Chochote muhimu kinachogusa nyekundu kwa zaidi ya kupita tu, kihamishe.

Halafu ipakie kwenye akaunti ya majaribio iliyofungwa, ukiwa na maelezo marefu kama yale mteja atakayoandika, maana maelezo ya neno moja hayaonyeshi ukweli. Ifungue kwenye simu ndefu na kwenye simu ya zamani yenye kioo kifupi, upige picha ya skrini kwenye kila moja. Angalia pia kama programu imejiwekea manukuu yake yenyewe juu ya yako. Ikiwa imefanya hivyo, yazime kwenye mipangilio ya posti kabla ya kuchapisha.